25:1, 40:1 au 50:1: Uchanganye vipi petroli na oili ya jenereta ndogo au pikipiki ya tustroki

Ukisimama Kirumba hapa Mwanza, sokoni au kule mwaloni, ukauliza petroli ya jenereta ndogo inawekwa oili kiasi gani, utapata majibu matatu kabla hujamaliza swali. Mvuvi atakwambia changanya kama ya boti. Fundi aliyezeeka na pikipiki za zamani atakwambia oili haijawahi kuua injini, we mimina tu. Muuza duka atakwambia kizibo kimoja kwa lita, bila kusema kizibo cha chupa gani. Wote watatu wanasema kwa uzoefu, ila kila mmoja ana injini yake kichwani, na injini hizo hazifanyi kazi moja.

Ninaozungumza nao hapa ni wenye jenereta zile ndogo za kubeba kwa mkono mmoja, za wati 650 au karibu na hapo, silinda ya cc 63, ambazo wengi tunaziita Tiger hata kama jina lililobandikwa ni lingine. Pia wenye pikipiki za tustroki zilizobaki: Yamaha AG100, DT125 na DT175, Suzuki TF125, Vespa. Bodaboda za leo hazimo. Boxer, TVS na nyingi za Kichina ni za mipigo minne, zina oili yake chini ya injini, na petroli yake haichanganywi na kitu. Jenereta nayo ikiwa na kijiti cha kupimia oili ubavuni, ni ya mipigo minne, usiiwekee oili kwenye tangi.

Namba zenyewe zinasomeka hivi: 50:1 ni sehemu hamsini za petroli kwa sehemu moja ya oili. Kwenye vibandiko vingine utaona asilimia, na 2% ni sawa na 50:1, 4% ni sawa na 25:1. Ukizigeuza kuwa mililita za oili, unapata hivi:

| Uwiano | Petroli lita 1 | Petroli lita 4 | Petroli lita 5 |
|---|---|---|---|
| 25:1 | 40 | 160 | 200 |
| 32:1 | 31 | 125 | 156 |
| 40:1 | 25 | 100 | 125 |
| 50:1 | 20 | 80 | 100 |

Kati ya mstari wa juu na wa chini oili ni mara mbili. Ndiyo maana jibu la "mimina tu" halitoshi.

Oili inafanya kazi gani humo ndani

Kwenye tustroki petroli haiendi moja kwa moja juu ya pistoni. Inapita kwanza chini, kwenye chumba cha kranki, inalowesha beringi na ukuta wa silinda, ndipo inapandishwa juu kuungua. Oili uliyochanganya inabaki njiani kama utando mwembamba, halafu nayo inasukumwa taratibu hadi juu, inaungua na kutoka na moshi. Hakuna akiba inayokaa mahali. Injini inaishi kwa kile kinachoingia na petroli dakika ile.

Kwa hiyo oili ikiwa kidogo mno, utando unakatika, pistoni inasugua chuma kwa chuma, na injini inanoki. Ikiwa nyingi mno, ile isiyoungua vizuri inageuka masizi: kwenye plagi, kwenye ringi, na zaidi ya yote kwenye tundu la ekzosi. Kiasi kinachohitajika kinategemea mambo mawili, mzunguko wa injini na mzigo. Injini inayozunguka kwa kasi huku imebebeshwa inataka oili zaidi. Inayozunguka polepole bila kazi nzito inataka kidogo.

Hapo ndipo jenereta inapoachana na pikipiki. Jenereta ndogo ya umeme wa hezi 50 inazunguka mara 3,000 kwa dakika, asubuhi mpaka jioni, haipandi wala haishuki sana. Pikipiki ya tustroki ikivutwa inapita 7,000 bila shida. Anayechukua kipimo cha pikipiki akakitia kwenye jenereta anailisha kwa kazi ambayo haifanyi.

Kuna wanaosema pia kwamba oili nyingi inafanya injini ipate petroli pungufu na hivyo ipate moto. Kwa hesabu ni kweli, kwa sababu kila tone la oili limechukua nafasi ya petroli. Lakini tazama ukubwa wake. Kwenye 50:1 oili ni karibu asilimia 2 ya mchanganyiko, kwenye 25:1 ni karibu 4, basi petroli imepungua kwa asilimia 2 hivi. Huku kwetu uso wa Ziwa Victoria uko mita 1,134 juu ya bahari, na hewa ni nyepesi kuliko ya Dar kwa zaidi ya asilimia 10. Kabureta iliyopangwa kwa hewa ya pwani inatoa petroli nyingi kidogo kuliko hewa inayoingia, kwa hiyo pengo hilo la asilimia 2 linamezwa. Ubaya wa oili nyingi huku Mwanza ni masizi, na kwenye jenereta yenye mzigo mdogo masizi hayo hayachelewi.

Jenereta ya kinyozi

Chukua kinyozi aliye kwenye mwalo wa kisiwani ambako nguzo za umeme hazijafika. Ana mashine mbili za kunyolea za wati 12, taa tatu za wati 9, feni ya wati 50, redio yenye spika ya wati 30, na pembeni anachaji simu za watu, tuseme wati 40 kwa pamoja. Jumla ni wati 171. Jenereta yake imeandikwa 650, na kwa mwinuko huu wa ziwa ihesabu kama 580 hivi, maana hewa nyepesi inapunguza nguvu. Bado hajafika hata theluthi ya uwezo wake. Anatumia tangi moja la lita nne kwa siku.

Alifundishwa 25:1 kwa maelezo kwamba ni salama. Anaweka mililita 160 kila siku, na kwa siku 25 za kazi zinaondoka lita nne za oili. Kwa 50:1 zingeondoka lita mbili. Ukitaka kuona kwa fedha, weka bei za dukani kwako. Mfano oili ikiwa shilingi 12,000 kwa lita, ni 48,000 dhidi ya 24,000 kwa mwezi. Si haba, lakini kinachomuumiza zaidi ni kitu kingine.

Kwa mzigo mdogo namna hiyo, sehemu ya juu ya pistoni haipati joto la kutosha kuunguza oili yote. Baada ya siku kadhaa plagi inatoka nyeusi, imelowa, inang'aa. Kamba ya kuwashia inavutwa mara saba, mara kumi. Mdomo wa ekzosi unadondosha majimaji meusi. Kisha taratibu tundu la ekzosi linajaa masizi magumu, moshi unakosa njia, na jenereta inakuwa kama mtu anayepumua kupitia kitambaa: inawaka, ila ukiwasha feni taa zinafifia. Fundi anabadilisha plagi, wiki ijayo anabadilisha tena, halafu anasema kabureta ni mbovu. Kabureta haina kosa lolote.

Dawa yake inaanzia kwenye dumu. Rudi 50:1, na usiguse skrubu za kabureta wakati huohuo, la sivyo hutajua kipi kimesaidia. Fungua ekzosi. Vuta kamba polepole mpaka pistoni ipande na kuziba tundu, ili masizi yasidondokee ndani, kisha kwangua kwa kijiti cha mti mgumu au cha mwanzi. Usitumie bisibisi, inachubua pistoni. Ukimaliza, geuza ekzosi juu chini na uigonge masizi yatoke. Safisha plagi na uweke nafasi ya cheche milimita 0.6 hadi 0.7. Washa, acha ipate moto dakika chache, halafu ibebeshe wati 350 au 400 kwa nusu saa. Balbu za zamani za wati 100, zile za waya, zinafaa sana kwa kazi hii kama bado unazo. Mwanzoni itatoa moshi mzito, ni oili iliyobaki humo inaungua. Moshi ukipungua na plagi ikatoka na rangi ya kahawia, umefika.

Sasa mweke jirani yake, mwenye banda la vinywaji anayeendesha friji ndogo na taa. Friji ikiwa inafanya kazi anakaa kwenye wati 250 mpaka 300, na kila inapojiwasha inadai nguvu kubwa zaidi kwa kitambo kidogo. Jenereta iko nyuma ya banda la bati, hewa haipiti vizuri, jua la saa nane linawaka juu yake. Huyu anapata joto ambalo kinyozi halipati, na oili yake inaungua. Kwake 40:1 inakaa vizuri.

Sababu yangu kubwa ya kuipenda 40:1, hata hivyo, ni mikono ya watu. Jenereta nyingi hazichanganyiwi na mwenyewe, bali na kijana wa dukani, kwa haraka, wateja wamesimama. Tuseme amekosea akapunguza mililita 20 kwenye lita tano. Kwa aliyepanga 50:1, zile 100 zimekuwa 80, na mchanganyiko umefika 62:1, ambao siutaki ndani ya injini yoyote ya kupoozwa kwa hewa. Kwa aliyepanga 40:1, zile 125 zimekuwa 105, na bado yuko karibu 48:1. Kosa ni lilelile, ila mmoja kavuka mpaka na mwingine hajauona. Kwa hiyo jenereta ninayoichanganyia kwa mkono wangu naipa 50:1. Inayochanganywa na mtu mwingine, 40:1, na nakubali kukwangua ekzosi mapema kidogo.

25:1 nayo ina mahali pake: matangi mawili matatu ya kwanza ya injini mpya au iliyobadilishwa pistoni na ringi, kama kitabu kinataka hivyo. Kibandiko cha tangi kikisema 30:1, na jenereta bado iko kwenye garantii, fuata kibandiko.

Oili ipi

Uwiano bila kujua oili ni nusu ya habari. Tunapoishi kando ya ziwa tuna tatizo ambalo mtu wa Dodoma hana: oili rahisi kupatikana ni ya boti. Kopo lake limeandikwa TC-W3. Ni oili nzuri kabisa kwa kazi yake, injini inayopoozwa na maji ya ziwa, ambayo haipandi joto sana. Imetengenezwa isiache majivu. Lakini silinda ya jenereta na ya pikipiki inapoozwa na upepo tu, inachemka kuliko ile, na kwenye joto hilo viungo vya kusafisha vya TC-W3 vinazidiwa. Matokeo yake ni utando wa kahawia unaonata kwenye mifereji ya ringi. Ringi zikishanata, mgandamizo unashuka, na ukivuta kamba unaiona nyepesi isivyo kawaida.

Oili ya injini za kupoozwa na upepo tafuta kopo lenye JASO FB, FC au FD, au API TC. Watu wengi wanadhani FD inalainisha kuliko FB. Sharti la kulainisha ni lilelile kwa zote tatu. Kinachotofautiana ni moshi na uchafu: FC na FD zinatoa moshi mdogo sana kuliko FB, na FD inasafisha ndani kuliko FC. Kwa jenereta inayokaa karibu na watu, FC inatosha, na FD ukiipata kwa bei isiyotisha ichukue. Ukiwa na FB peke yake, shuka hadi 40:1 usiende 50:1, na uzoee kukwangua.

Kisiwani ukiwa na TC-W3 tu, na usiku umefika, tumia. Weka uwiano uleule wa jenereta yako, usiongeze "kufidia", maana unachoongeza ni kilekile kinachonata. Badala yake punguza mzigo uwe chini ya nusu, na ukifika mjini nunua inayofaa. Kinyume chake ni kibaya zaidi: oili ya FD ya pikipiki usiimimine kwenye injini ya boti, majivu yake yanaganda juu ya pistoni na kuleta mlipuko kabla ya wakati.

Oili namba 40 ya magari, ambayo bado inatumika vijijini kwa sababu ndiyo iliyopo, inachanganyika kwa shida na petroli, inazama chini ya dumu likikaa, na ina viungo vya madini ambavyo havikutengenezwa viungue. Lita ya kwanza itakayotoka itakuwa na oili nyingi, ya mwisho haina, au kinyume chake kutegemea ulivyomimina. Nimeshafungua injini zilizolishwa hivyo, na tundu la ekzosi lilibaki la kupitisha penseli. Oili ya kupima kwenye chupa ya soda, isiyo na lebo, nayo siinunui. Rangi haisemi kitu. Buluu, kijani au nyekundu ni dai tu la mtengenezaji, na rangi ya petroli iliyochanganywa haiwezi kukuonyesha uwiano.

Kuhusu petroli yenyewe nitasema machache. Nunua kituoni. EWURA inatangaza bei kikomo kila mwezi, kwa hiyo ya chupa barabarani ikiwa rahisi kuliko ya pampu, jiulize imerahisishwa na nini. Petroli iliyotiwa mafuta ya taa inagonga kwenye silinda, na hakuna kiasi cha oili kitakachoizuia. Dondosha tone kwenye karatasi nyeupe safi, kabla hujachanganya: petroli safi inakauka upesi bila kuacha kitu, yenye mafuta ya taa inaacha doa la mafuta linalokawia.

Pikipiki

Anza kwa kutazama kama pikipiki yako inachanganywa kabisa. AG100, DT na TF125 zina tangi dogo la oili la pembeni na pampu yake. Yamaha wanaiita Autolube, wameitumia tangu miaka ya 1960, na Suzuki wana mfumo wao wa namna hiyo. Pampu inatoa oili kidogo injini ikinguruma mahali pamoja, na inaongeza kadiri unavyovuta. Hakuna mchanganyiko wa dumu unaoweza kufanya hivyo. Pampu ikiwa nzima, weka petroli tupu kwenye tangi la petroli na oili kwenye tangi la oili, basi. Kuchanganya "kwa usalama" juu ya pampu inayofanya kazi ni kurudia yale ya kinyozi.

Tatizo ni kwamba pampu nyingi zimeshaondolewa. Fundi aliikuta inavuja, spea hakuna, akaitoa akamwambia mwenye mali awe anachanganya. Hapo uwiano wangu ni 32:1 kwa oili ya FC au FD, na sababu yake iko kwenye vilima vyetu. Ukishuka kutoka Bugando au Capri Point umefunga mafuta na gia imeingia, magurudumu yanaizungusha injini kwa kasi huku kabureta imefungwa. Petroli haiingii, na oili haiingii pia. Injini inazunguka mara elfu kadhaa kwa dakika kwa utando uliobaki. Jenereta haijui hali hiyo hata siku moja. Ule utando ukiwa mzito kidogo unafika chini salama, na dereva mzuri wa tustroki unamsikia akishuka anavuta mafuta kidogo mara mojamoja, au anashika klachi.

Kwa anayezunguka tambarare, Nyakato hadi Buzuruga, bila mzigo, 40:1 inatosha. Anayebeba magunia ya dagaa kwenye barabara ya vumbi abaki 32:1. Vespa ya zamani iliyoandikwa 2% iachie 2% yake.

Kitu kimoja fundi aliyeondoa pampu huwa anasahau. Mrija wa oili ulikuwa unaingia kwenye kitundu kidogo karibu na kabureta. Pampu ikitoka, kitundu hicho lazima kizibwe kwa skrubu au kipande cha mrija kilichofungwa barabara. Kikibaki wazi injini inavuta hewa pale, petroli inapungua kwa kweli, si ile asilimia 2 ya kwenye hesabu, na pistoni inatoboka au inashika huku kila mtu analaumu oili.

Kupima

Kizibo si kipimo. Nenda duka la dawa ununue bomba la sindano la mililita 20, bila sindano yenyewe. Kwa 50:1 ni bomba moja kwa kila lita, na mtoto wa darasa la tatu hawezi kukosea. Kwa 40:1, lita nne ni mabomba matano. Kwa 32:1, lita tano ni mabomba manane, chini kidogo ya kujaa la mwisho. Ukishapima mara moja, mimina oili hiyo kwenye chupa ndogo ya plastiki angavu, chora mstari kwa kalamu ya wino mzito, na tangu hapo unajaza hadi mstari.

Petroli nayo ipime kwa pampu, usiipime kwa dumu. Dumu linaloitwa la lita tano likijazwa hadi shingoni linakuwa na zaidi ya tano. Mwambie wa kituoni lita tano kamili na usome namba. Nyumbani, mimina nusu ya petroli kwenye dumu jingine safi, weka oili yote, tikisa, kisha ongeza petroli iliyobaki na utikise tena. Usichanganyie ndani ya tangi la jenereta, maana oili ya kwanza itateremka moja kwa moja kwenye kabureta. Na usiongeze mafuta jenereta ikiwa bado ya moto au jiko la mkaa likiwa karibu.

Changanya ya wiki moja au mbili, isizidi. Dumu likikaa juani na kizibo kimelegea, petroli inaruka na oili inabaki, na ile 50:1 ya mwezi uliopita leo ni kitu kingine. Hivyohivyo kwenye bakuli la kabureta: ukijua jenereta haitawashwa wiki tatu, funga koki ya petroli uiache inywe iliyobaki mpaka ijizime yenyewe, bila mzigo.

Ikishanoki, au ikikaribia

Dalili za oili pungufu zinakuja kwa mpangilio. Sauti inapanda kuwa kali na kavu. Chini ya mzigo injini inazama ghafla kana kwamba kuna aliyeikamata. Ukizima, kamba inakuwa ngumu kuvuta, na ikipoa inalegea tena. Ukiona hatua hiyo ya tatu, usiwashe. Fungua ekzosi, chungulia pistoni kupitia tundu: mikwaruzo ya wima upande huo ni utando uliokatika. Mikwaruzo ikiwa ni michache na ya juujuu, pistoni inaweza kusafishwa. Ikiwa ringi zimefunikwa na chuma kilichoyeyuka, ni pistoni mpya.

Lakini kabla ya kuhukumu uwiano, tazama vitu vitatu, kwa sababu injini nyingi zinazoletwa kwa fundi kwa kesi ya oili zilichanganywa sawasawa. Mapezi ya silinda na feni ya kupoozea: jenereta ya mwaloni inavuta magamba, manyoya na vumbi, na yakishaziba hapo hata 25:1 haikuokoi. Jeti ya kabureta: uchafu mdogo unapunguza petroli, na oili inapungua nayo. Halafu sili za kranki. Sili ikichakaa, injini inavuta hewa kutoka nyuma ya gurudumu la sumaku; utaiona mzunguko unapanda wenyewe bila mtu kugusa, hautaki kushuka haraka, na ukifungua kifuniko unakuta pamelowa oili nyuma ya gurudumu. Plagi ya injini hiyo inakuwa nyeupe, imekauka. Anayeona weupe huo akaongeza oili bado ana sili iliyochakaa, na pistoni yake itashika vilevile.